Kibubu Kinachong'aa: Namna ya Kuagiza Ikoni ya Programu kwa Maneno

Aliyekulia Tanzania anakijua kibubu. Kinaweza kuwa cha mbao, cha bati au cha udongo, lakini tabia yake ni moja: kimezibwa pande zote, kina tundu moja jembamba la kutumbukizia sarafu, na siku ya kutoa fedha hakuna ufunguo, kinavunjwa. Sasa tuseme yupo kijana aliyetengeneza programu ya simu kwa ajili ya kikundi cha watu ishirini wanaoweka akiba pamoja kila Ijumaa. Programu imekamilika na inafanya kazi, ila haina sura. Hana fedha ya kumlipa msanifu, kwa hiyo anafungua mtambo wa akili mnemba unaochora picha kutokana na maneno. Anauandikia hivi:

```
app icon, piggy bank, 3D, glossy, beautiful, high quality
```

Baada ya sekunde chache anapata nguruwe wa rangi ya waridi, anang'aa kama kikombe kipya, na juu ya mgongo wake zinaelea sarafu za dhahabu zenye alama ya dola. Kwa ufundi, picha haina kasoro kubwa. Kwa kazi iliyokusudiwa, haifai. Watumiaji wengi wa Unguja, Lamu au Mombasa ni Waislamu, na nguruwe mlangoni mwa programu ya fedha atawafukuza kabla hawajaingia ndani. Shilingi nayo haina alama ya dola.

Mtambo haukukosea kusoma. Ulipewa neno ambalo Ulaya na Marekani ndilo jina la kibubu, na huko kibubu kimefinyangwa kwa umbo la nguruwe kwa muda mrefu. Hapo ndipo kazi ya kuandika maneno hayo, ambayo watumiaji wengi huyaita prompti, inapoanza kuonekana ilivyo. Ni agizo, kama lile analopewa fundi cherehani. Anayesema “nishonee gauni zuri” atashonewa gauni, lakini fundi wa kweli atamwuliza kwanza: shingo ya namna gani, mikono mirefu au mifupi, urefu wa kufika wapi? Mtambo wa picha kwa kawaida hauulizi. Kila pengo lililoachwa kwenye agizo unaliziba kwa kile kilichokuwa kingi zaidi katika picha ulizofundishwa nazo.

Namna unavyochora inasaidia kueleza hilo. Mitambo mingi ya aina hii, kwa mfano Stable Diffusion iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, huanza na picha ya chenga tupu, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi. Kisha inaziondoa chenga hizo hatua kwa hatua, mara nyingi hatua ishirini hadi hamsini, na kwa kila hatua inajiuliza: katika chenga hizi, nini kinafanana zaidi na maneno niliyopewa? Uhusiano kati ya maneno na picha uliujifunza kutoka kwenye mamilioni ya picha za mtandaoni na maelezo yaliyoandikwa chini yake, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ni ya Kiingereza. Neno “kibubu” ni adimu humo. Mitambo mipya iliyoungwa na mifumo mikubwa ya lugha inasoma Kiswahili vizuri zaidi kuliko ile ya mwanzo, lakini hata hiyo huenda ikaelewa maana ya neno bila kuwa imeona picha za kutosha za kitu chenyewe. Dawa ni moja: pale jina linapokosa picha, eleza umbo. Chombo cha mviringo. Tundu juu. Sarafu moja.

Maneno “nzuri sana” na “ubora wa juu” yaliyokuwa kwenye agizo la kwanza hayasemi chochote kuhusu umbo, na ndiyo maana hayakumsaidia kijana.

Kabla ya kuandika agizo la pili anatakiwa kujua picha yake itakaa wapi. Kipimo cha msingi cha ikoni kwenye Android kilikuwa pikseli 48 kwa 48 katika skrini za kizamani. Simu za leo zina pikseli nyingi zaidi katika nafasi hiyohiyo, lakini nafasi yenyewe haijakua: ni karibu sentimita moja, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Mtambo unamwonyesha kijana picha inayojaza skrini ya kompyuta, na kwenye ukubwa huo kila kitu kinapendeza, hadi nakshi za udongo. Zikipunguzwa, nakshi hizo zinageuka vumbi.

Hesabu ni rahisi kufanya. Kibubu kikichukua asilimia 60 ya upana wa ikoni ya pikseli 48, kitakuwa na pikseli 29 hivi. Tundu lenye urefu wa sehemu moja ya kumi ya kibubu litabaki na pikseli tatu, na unene wake hautafika hata pikseli moja. Kwa maneno mengine, tundu halitaonekana. Na kibubu kisichoonekana tundu ni chungu tu, au mtungi, au kwa mtu mwenye haraka, boga. Alama imekufa.

Kwa hiyo kinachobeba maana hapa ni sarafu kuliko tundu. Sarafu ikisimama nusu ndani na nusu nje, na upana wake ukiwa nusu ya upana wa kibubu, itakuwa na pikseli 14 kwa upana, na saba kati ya hizo zitasimama juu ya chombo. Hizo jicho linaziona. Mtu atajua mara moja kwamba kuna fedha inaingia mahali, hata kama tundu lenyewe hakuliona. Wasanifu wanaposema ikoni iwe na alama moja hawana maana ya kitu kimoja. Wana maana ya tendo moja linalosomeka kwa mtazamo mmoja. Chombo na sarafu inayozama ni alama moja. Chombo, sarafu tano, mkono na jani la mti ni alama nne zinazogombea ukucha mmoja.

Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984, alifanya kazi katika viwanja vya nukta 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tu, akianzia kwenye karatasi ya miraba. Pale hapakuwa na nafasi ya mapambo. Anayeandika agizo leo hana ukuta huo mbele yake, mtambo unampa kila anachotaja, kwa hiyo inabidi aujenge ukuta mwenyewe kwa maneno.

Agizo la pili la kijana lingeweza kuwa hivi:

```
A single round clay money pot, one large plain gold coin
standing halfway into a slot on its top.
Seen from slightly above, centered, wide empty space around it.
Smooth glossy 3D form, thick rounded edges, simple surface.
Terracotta fading softly into warm orange.
Plain dark teal background reaching all four edges.
One large soft light from the upper left,
one broad highlight, a soft shadow below.
```

Kwa Kiswahili linasema: chombo kimoja cha udongo cha mviringo cha kuwekea fedha, sarafu moja kubwa ya dhahabu isiyo na maandishi imesimama nusu ndani ya tundu lililo juu. Kionekane kutoka juu kidogo, kikae katikati, pawe na nafasi kubwa tupu kukizunguka. Umbo laini la pande tatu linalong'aa, kingo nene zilizoviringwa, uso usio na mambo mengi. Rangi ya udongo wa kuchoma inayofifia taratibu kuwa rangi ya chungwa. Nyuma pawe pakavu, rangi moja ya kijani cha bahari iliyokolea, ifike kingo zote nne. Taa moja kubwa laini kutoka juu kushoto, mng'ao mmoja mpana, na kivuli laini chini.

Kila kifungu hapo kinaziba pengo ambalo lingezibwa na dola au nguruwe. Lakini vipo vifungu vitatu vinavyostahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyowakwamisha wengi.

Cha kwanza ni kung'aa. Chukua sufuria mpya na chungu cha udongo, viweke sambamba karibu na dirisha. Mwanga uleule unaviangukia vyote viwili. Kwenye chungu mwanga unatawanyika, upande mmoja unakuwa mweupe kidogo na mwingine mweusi kidogo, basi. Kwenye sufuria utaliona dirisha lenyewe, limepinda kufuata mviringo, lina mipaka. Jicho linakiita kitu kuwa kinang'aa kwa sababu ya taswira hiyo ya chanzo cha mwanga inayokaa juu ya uso wake. Kwa hiyo anayetaka mng'ao hana budi kutaja taa: ni ngapi, kubwa au ndogo, imetoka upande gani. Taa kubwa laini inaacha doa pana lenye kingo zinazofifia. Taa ndogo kali inaacha nukta nyeupe, na nukta nyeupe katika pikseli 48 inaonekana kama tundu au uchafu. Taa nyingi zinaacha madoa mengi, na umbo la kitu linavunjikavunjika. Ndiyo maana agizo limesema taa moja, na mng'ao mmoja mpana.

Upande nao una maana. Macho ya binadamu yamezoea jua, na ubongo unachukulia kwamba mwanga umetoka juu. Picha ya kitunguu kilichotuna, ikiangazwa kutoka chini, inaweza kuonekana kama shimo. Anayeacha upande wa taa bila kuutaja anaweza kupata mng'ao chini ya chombo, na kibubu kilichobonyea badala ya kutuna.

Hapo hapo katika kung'aa umejificha mtego. Agizo limetaja udongo, *clay*, kisha likataka mng'ao. Miongoni mwa wachoraji wa picha za kompyuta, *clay* pia ni jina la mtindo: maumbo kama ya udongo wa kuchezea, laini na yasiyong'aa kabisa. Mtambo umejifunza maana zote mbili. Maneno mawili yanauvuta huku na huku, na matokeo yake ni chombo chenye vumbi upande mmoja na mng'ao wa plastiki upande mwingine. Kijana akiona hivyo asiongeze “inayong'aa sana sana”. Aondoe neno linalopingana nayo. Badala ya udongo aandike kauri iliyopakwa rangi ya kung'aa, *glazed ceramic*, kitu ambacho kwa asili yake kina mmeremeto. Rangi ya udongo itabaki, kwa kuwa imetajwa kivyake.

Kifungu cha pili ni rangi zinazofifia. Zipo namna mbili na mara nyingi huchanganywa. Kuna kufifia kunakotokana na mwanga, pale upande wa kivuli unapokuwa mweusi zaidi; huku kunakuja penyewe taa ikishatajwa. Na kuna kufifia kwa rangi yenyewe, kutoka moja kwenda nyingine. Kwa hili la pili, rangi mbili jirani ndizo zinazofaa: udongo na chungwa, bluu na zambarau, kijani na njano. Rangi zinazopingana, kama nyekundu na kijani, zikichanganywa kwenye skrini hukutana katikati na kutoa kijivu au rangi ya matope. Anayetaka rangi zinazopingana azigawe, moja kwa kitu na nyingine kwa nyuma yake. Ndivyo kijana alivyofanya kwa kuweka chungwa mbele na kijani cha bahari nyuma.

Hata hivyo rangi mbili tofauti hazitoshi, lazima zitofautiane pia kwa weupe na weusi. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote: picha igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe kwa simu yoyote. Kama kibubu kimemezwa na nyuma yake, basi kilikuwa kinashikiliwa na rangi tu. Mtu asiyetofautisha rangi vizuri, au anayetumia simu juani saa saba mchana, hatakiona.

Cha tatu ni kile ambacho agizo halikukitaja. Maneno *app icon* yameondolewa, na hili linawashangaza wengi, maana ikoni ndiyo inayotafutwa. Lakini picha zilizoandikwa hivyo mtandaoni nyingi ni za maonyesho: ikoni iliyokwisha kukatwa kona, imewekwa juu ya karatasi nyeupe, ina kivuli chake, pengine ndani ya fremu ya simu, pengine zipo ishirini katika safu. Mtambo ukisikia maneno hayo unachora onyesho hilo lote. Kijana anapata mraba wenye kona za mviringo ndani ya picha. Akiupakia hivyo, duka la programu litakata kona zake tena, na pembeni zitabaki pembe nyeupe kama makucha. Faili la kupakia linatakiwa kuwa mraba kamili, umejaa hadi kingo. App Store inadai pikseli 1024 kwa 1024 pasipo sehemu inayopitisha mwanga, Google Play inadai 512 kwa 512, na zote mbili zinakata kona zenyewe.

Jambo jingine lisilotajwa ni maneno ya kukataza. Kwa kuwa mitambo mingi hufuata neno kuliko kanusho lililo mbele yake, kuandika “pasiwe na maandishi” kunaweza kuyaita maandishi, sawa na kumwambia mtoto asifikirie pipi. Baadhi ya mitambo ina kisanduku cha pekee cha mambo yasiyotakiwa, au amri kama `--no text` ya Midjourney, na hapo ndipo pa kuyaweka. Pasipo na kisanduku hicho, heri kueleza kwa kukubali: sarafu tupu, uso laini, nyuma pakavu.

Urefu wa agizo nao una mwisho. Msomaji wa maneno ndani ya Stable Diffusion ya kwanza alipokea vipande 77 vya maneno kwa mkupuo, na vilivyozidi vilikatwa au vikahitaji ujanja. Mitambo ya sasa inabeba zaidi, lakini utaratibu wa kuanza na kitu chenyewe, kisha mahali kilipo, kisha kimetengenezwa na nini, kisha rangi na taa, bado unasaidia, kwani anayeandika anajilazimisha kuamua alama kabla ya pambo.

Picha ya kwanza ya agizo zuri bado haitakuwa sahihi. Kibubu kitakuwa kizuri lakini sarafu imelala. Au sarafu imesimama lakini chombo kina mikono miwili kama birika. Kosa linalofanywa na wengi hapa ni kuandika agizo jipya kabisa, wakapoteza hata kile kilichokuwa kizuri. Mitambo mingi hutoa namba iitwayo *seed*, yaani mbegu, ambayo ndiyo inayoamua zile chenga za mwanzo. Mbegu ileile, agizo lilelile na mipangilio ileile katika toleo lilelile la mtambo hurudisha picha ileile, au karibu sana na ile. Kijana akiishika namba hiyo na kubadili neno moja tu, ataona neno hilo limefanya nini. Akibadili manne kwa pamoja hataelewa lipi limemponya na lipi limemdhuru. Maneno yaliyofanya kazi ayaandike pembeni pamoja na mbegu yake. Baada ya miezi mitatu atakapohitaji picha ya pili ya mtindo uleule, atashukuru.

Picha ikishakubalika, kazi ya mtambo imeisha na kazi ya mkono inaanza. Watu wengi wanaishia hapa mapema, na inaonekana.

Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ikoni hutolewa kwa tabaka mbili: alama mbele, rangi nyuma. Kila tabaka ina upana wa vipimo 108, lakini simu moja inaikata duara, nyingine mraba wenye kona butu, nyingine umbo la machozi. Sehemu ya katikati yenye kipenyo cha vipimo 66 ndiyo pekee isiyoguswa na mkasi wa simu yoyote. Hiyo ni asilimia 61 ya upana, na ndipo ilipotoka ile asilimia 60 ya mwanzo. Mtambo haupimi asilimia. Ukiambiwa uache nafasi kubwa utaacha, ila kiasi kamili hupatikana baadaye, mtu anapokiweka kibubu mwenyewe kwenye programu ya kuhariri picha.

Ili kukiweka, lazima akitenganishe na nyuma yake. Baadhi ya mitambo inajua kutoa picha isiyo na mandhari. Mingine ikiombwa hivyo inachora miraba midogo ya kijivu na nyeupe, ile inayoonekana kwenye programu za picha kuashiria utupu, na miraba hiyo ni rangi halisi, imeganda humo. Ndiyo sababu agizo liliomba rangi moja kavu: inakatika kwa urahisi. Kivuli kikatwe pia na kichorwe upya, kwa kuwa kimenyonya ukijani wa nyuma na kitaonekana kichafu juu ya rangi nyingine. Rangi ya nyuma nayo ichorwe upya kwa mkono, rangi mbili zinazokaribiana kutoka juu hadi chini. Ni kazi ya dakika moja, na inaondoa kasoro nyingine inayojitokeza sana kwenye rangi zinazofifia taratibu: mistari kama ngazi. Picha ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, na faili likibanwa sana ngazi zinazidi kupungua, mpaka pale palipotakiwa kuwa laini panakuwa na mapande. Kuhifadhi kwa PNG badala ya JPEG na kunyunyizia chenga kidogo sana kwenye rangi ya nyuma kunaificha mistari hiyo.

Mng'ao wenyewe una historia ya kwenda na kurudi, na inafaa kuijua kabla ya kuuweka mwingi. Programu zilipoanza kuuzwa kwenye iPhone mwaka 2008, simu ilikuwa inaongeza mng'ao juu ya ikoni yenyewe. Msanifu aliyekuwa na mng'ao wake alilazimika kuiambia simu isiongeze, kwa alama iliyoandikwa `UIPrerenderedIcon`. Mwaka 2013, iOS 7 ilifagia mng'ao na vivuli vyote, ikoni zikawa bapa. Mwaka 2020 macOS Big Sur ikarudisha kina na vivuli. Na 2025 Apple ilileta mtindo wa kioo unaoitwa Liquid Glass, ambapo mfumo unaweka tena mwanga na kingo za kung'aa juu ya tabaka za ikoni. Kwa hiyo kibubu chenye mng'ao mkali, kikiwekwa kwenye simu inayoongeza mng'ao wake, kitapata mara mbili. Kwa simu hizo kijana atahitaji nakala yenye mwanga uliopungua: agizo lilelile, mbegu ileile, *glossy* limebadilishwa kuwa *satin*, yaani mng'ao hafifu kama wa kitambaa cha satini.

Kwa upande wa Android, tangu toleo la 13 la mwaka 2022 mtumiaji anaweza kuchagua ikoni zote za simu yake ziwe na rangi moja inayofuata picha ya skrini. Msanifu anatakiwa kutoa tabaka la tatu, mchoro wa rangi moja usio na mwanga wala kivuli. Chungwa linaondoka, kauri inaondoka, taa ya juu kushoto inaondoka. Kinachobaki ni mviringo wa chombo na nusu ya sarafu iliyosimama juu yake. Kama kijana alichagua alama vizuri, mtumiaji bado ataijua programu yake. Kama alitegemea mng'ao, atabaki na doa.

Kuna suala la umiliki pia. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshikilia kwamba hakimiliki inahitaji mtunzi binadamu, na Januari 2025 ilieleza kwamba maagizo peke yake, kwa hali ilivyo, hayatoshi kumfanya mtu kuwa mtunzi wa picha iliyotoka. Mchoro uliokatwa, kupangwa na kuchorwa upya kwa mkono una nguvu zaidi, kwa zile sehemu alizozifanya mtu. Isitoshe, mtambo umefundishwa kwa ikoni za watu wengine na unaweza kutoa kitu kinachofanana mno na nembo iliyopo. Kabla ya kupakia, picha itafutwe mtandaoni kwa njia ya kutafuta kwa picha, kisha neno “kibubu” litafutwe ndani ya maduka ya programu na ikoni zilizopo ziwekwe kando ya hiyo mpya.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye simu, nje ya kompyuta. Ikoni iwekwe kwenye skrini iliyojaa programu nyingine, mwangaza upunguzwe nusu, na simu ishikwe kwa urefu wa mkono. Kisha apewe mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza, ikiwezekana mwanachama mzee wa kikundi, aulizwe swali moja bila kudokezewa: “Bibi, hiki ni nini?” Akisema kibubu, au akisema fedha inawekwa, pakia. Akisema chungu, rudi kwenye agizo uikuze sarafu.